Volti za Saa Sita Mchana: Kuchagua Rezista ya LED

Betri iliyoandikwa 12 V haitoi volti 12. Betri ya asidi, ile inayotumika kwenye sola za nyumbani na kwenye magari, ikiwa imejaa na imepumzika husoma karibu volti 12.7 kwenye mita. Ikichoka hushuka hadi 11.8 au chini yake. Jua likiwa kali na paneli ikiichaji kupitia kidhibiti, waya zilezile husoma volti 14.4. Kati ya betri iliyochoka alfajiri na betri inayochajiwa saa sita mchana kuna tofauti ya zaidi ya volti mbili na nusu, na betri ni ileile.

Balbu ya zamani yenye uzi wa kuwaka huvumilia mabadiliko hayo. Uzi ukipata volti zaidi huwaka zaidi na kupata moto zaidi, na kadiri unavyopata moto ndivyo unavyozidi kuuzuia umeme, kwa hiyo hujizuia wenyewe. LED haina tabia hiyo. Hii ndiyo sababu taa nyingi za LED zinazoungwa na mafundi wetu mitaani huwaka vizuri siku ya kwanza usiku, kisha moja baada ya nyingine hufifia na kufa ndani ya miezi michache. Anayelaumiwa huwa ni muuza LED, kwamba kaleta mali mbovu. Mara nyingi kosa liko kwenye kitu cha bei ndogo kuliko vyote katika taa hiyo: rezista, na volti zilizotumika kuipigia hesabu.

Tuanze na LED yenyewe. Ni kipande kidogo cha semikonda kilichofunikwa kwa plastiki ngumu, chenye miguu miwili. Mguu mrefu huenda upande wa chanya, na mfupi upande wa hasi. Ukiwa umeshakatwa, tazama ukingo wa plastiki, kwani upande wa hasi umebonyezwa bapa. Ukiipa LED nyeupe volti mbili, hakuna kinachotokea. Ukikaribia volti 3 huanza kung'aa. Kwenye volti 3.2 hivi, LED ya kawaida ya milimita 5 hupitisha miliampea 20, nao ndio mkondo ambao wengi wa watengenezaji wanaihesabia. Sasa ongeza sehemu mbili au tatu za kumi za volti tu. Mkondo hauongezeki kwa kiasi hichohicho kidogo, bali unaweza kuruka hadi mara mbili. Tena LED ikipata moto, volti inazohitaji hupungua, kama milivolti 2 kwa kila nyuzi moja ya joto. Maana yake, ukiiunga moja kwa moja kwenye chanzo cha volti zisizobadilika, joto huongeza mkondo, na mkondo huongeza joto, mpaka kitu kiungue.

Kwa hiyo LED haipewi volti, inapewa mkondo. Volti itazichukua yenyewe kiasi inachotaka. Kazi ya rezista iliyoungwa nayo kwa mfululizo ni kuzibeba volti zote zilizobaki, na kwa kuzibeba, kuamua ni mkondo kiasi gani utapita.

Volti ambazo LED huzichukua zinategemea rangi ya mwanga wake, kwa sababu mwanga wa buluu una nishati kubwa kuliko mwekundu. LED nyekundu huchukua karibu volti 2. Ya buluu huchukua karibu 3.2, na nyeupe ni vivyo hivyo, kwa kuwa nyeupe kwa kweli ni ya buluu iliyopakwa unga wa njano unaogeuza sehemu ya mwanga wake. Ndiyo maana taa nyeupe za LED zilichelewa kufika: nyekundu ilionekana tangu 1962, lakini ya buluu yenye mwanga wa kutosha ilisubiri hadi miaka ya 1990, na wanasayansi watatu wazaliwa wa Japani walioifanikisha, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2014. Kijani ndiyo inayosumbua. Ile ya zamani, yenye kijani cha manjanomanjano, huchukua zaidi kidogo ya volti 2. Ile mpya yenye kijani kikali huchukua karibu 3. Ukiwa nayo mkononi bila karatasi ya vipimo, usibahatishe. Iunge kwenye betri ya volti 12 ikiwa na rezista ya kilo-omu 1, kisha weka mita kwenye miguu yake miwili. Namba unayoisoma ndiyo volti zake, kwa ukaribu unaotosha kwa hesabu.

Hesabu yenyewe ni fupi. Chukua volti za chanzo, toa volti za LED, gawanya kwa mkondo unaoutaka ukiwa umeuandika kwa ampea:

```
R = (V - Vf) / I
```

V ni volti za chanzo, Vf ni volti za LED, I ni mkondo, na R ni omu za rezista. Miliampea 20 huandikwa 0.02. Kanuni hii ni ya Georg Ohm, Mjerumani aliyeichapisha mwaka 1827, na hapa inatumika kwa rezista peke yake. LED haifuati kanuni hiyo, na ndiyo maana volti zake hutolewa kwanza.

Tuchukue kazi halisi. Duka lina stoo nyuma isiyo na dirisha. Juu ya paa kuna paneli ndogo, chini kuna betri ya volti 12. Mwenye duka anataka taa ndogo ya kuwaka mchana kutwa stoo, ya LED nyeupe tatu. Fundi anajua kwamba LED tatu zikiungwa kwa mfululizo huchukua 3.2 mara tatu, yaani volti 9.6. Anatoa kwenye 12 na kubaki na 2.4. Anagawanya kwa 0.02 na kupata omu 120. Rezista ya omu 120 ipo dukani, haihitaji hata kukadiria. Anailehemu, taa inawaka vizuri, analipwa.

Kesho yake saa sita mchana betri iko kwenye volti 14.4. LED bado zinachukua 9.6 zao, labda na nyongeza kidogo. Volti zote zilizoongezeka zinamwangukia rezista: sasa anabeba 4.8 badala ya 2.4. Gawanya 4.8 kwa 120, unapata 0.04. Ni miliampea 40, pungufu kidogo tu kwa hiyo nyongeza ya LED. Volti za betri zimepanda kwa sehemu moja ya tano, na mkondo wa LED umekuwa mara mbili, kila siku, kwa saa zile ambazo bati la paa nalo limeshaipasha moto stoo. LED za milimita 5 nyingi zina kikomo cha miliampea 20 hadi 30. Hazilipuki. Unga wa njano na plastiki huharibika polepole, mwanga hupungua, na siku moja mojawapo hukata kabisa na kuzizima zote tatu, kwa kuwa ziko kwenye mnyororo mmoja.

Rezista basi huchaguliwa kwa volti za juu kabisa ambazo chanzo kitafika, hata kama zitafika kwa saa chache tu. Kwa sola hizo ni 14.4, au zaidi kidogo kwa vidhibiti vingine. Kwa pikipiki, weka mita kwenye betri, washa injini na uvute mafuta, uone inapanda hadi ngapi. Kwa taa yetu ya stoo: 14.4 kutoa 9.6 ni 4.8; gawanya kwa 0.02, unapata omu 240. Rezista za kawaida madukani huja kwa hatua maalumu: 100, 120, 150, 180, 220, 270, 330, 390, 470, 560, 680, 820, kisha hatua zilezile mara kumi. Hakuna 240 katika hatua hizo. Panda juu, usishuke: chukua 270. Mkondo utakuwa 4.8 gawanya kwa 270, karibu miliampea 18. Jicho halitatambua tofauti kati ya 18 na 20, lakini LED itaitambua kwa umri wake.

Hapa fundi makini atauliza swali la haki: je, betri ikishuka hadi volti 12? Volti za rezista zinabaki 2.4, na mkondo unashuka hadi karibu miliampea 9. Taa itafifia. Haitazimika, lakini mwenye duka ataona. Na hapa ndipo kuna jambo ambalo kanuni haisemi: volti zinazobaki kwa rezista ndizo zinazoushika mkondo usiyumbe. Zikiwa kidogo, kila badiliko la betri linaonekana kwenye mwanga.

Lijaribu kwa kubadilisha idadi ya LED. Ukiweka LED moja tu, rezista inabeba volti 11.2 betri ikiwa kwenye 14.4. Kwa miliampea 20 inahitajika omu 560 kamili. Betri ikishuka hadi 12, rezista inabaki na 8.8, na mkondo ni karibu miliampea 16. Kutoka 20 hadi 16, hakuna atakayelalamika. Ukiweka mbili, zinachukua 6.4, rezista inabeba 8, hesabu inatoa omu 400, unachukua 470, na mkondo unatembea kati ya 17 na 12. Kwa tatu, kama tulivyoona, ni kati ya 18 na 9. Ukijaribu nne kwa mfululizo, zinataka volti 12.8; betri ya usiku haizifikii, nazo zitabaki kung'aa kwa unyonge. Kwa hiyo kwenye betri ya volti 12, tatu nyeupe ndizo nyingi kabisa ninazokubali, na mbili ndizo ninazozipenda pale ambapo mwanga lazima uwe sawa usiku na mchana. Nyekundu, kwa kuwa zinachukua volti 2 tu, zinaweza kufika nne bila tabu.

Lakini uthabiti huo una bei, na bei yake ni joto. Rezista haihifadhi kile inachokibeba, bali hukigeuza chote kuwa joto. Kiasi chake kwa wati ni volti za rezista mara mkondo unaopita ndani yake:

```
P = (V - Vf) * I
```

Angalia ile LED moja yenye omu 560. Rezista inabeba volti 11.2 na kupitisha ampea 0.02, hivyo inatoa joto la wati 0.224. LED yenyewe inapata 3.2 mara 0.02, yaani 0.064. Zaidi ya robo tatu ya umeme wa betri unaishia kupasha rezista. Kwa LED tatu zenye omu 270, rezista inatoa wati 0.085 tu, na LED zinapata karibu mara mbili yake. Hii ndiyo sababu halisi ya kuunga LED kwa mfululizo: mkondo uleule mmoja unatumika mara tatu.

Sasa ukubwa wa rezista. Zile ndogo tunazoziona kila siku, zenye mwili wa milimita 6 hivi, huitwa robo wati. Za nusu wati ni nene zaidi na zina urefu wa karibu milimita 9. Zipo za wati 1, za wati 2, na zile nyeupe za mraba za saruji za wati 5 na zaidi. Wengi husoma "robo wati" kuwa ni kiasi ambacho rezista inaweza kukaa nacho kwa raha. Sivyo. Ni kikomo kinachopimwa rezista ikiwa kwenye hewa wazi, na ikifikishwa hapo mwili wake unaweza kupita nyuzi 100 hata kwenye chumba cha kawaida. Haifi papo hapo. Lakini rangi zake hubadilika kuwa kahawia, omu zake husogea kutoka pale zilipokuwa, ubao ulio chini yake huungua, na lehemu ya miguu yake hulegea kwa kupata moto na kupoa kila siku. Ikiwa imefungwa ndani ya kasha la plastiki, hewa haipiti na mambo huwa mabaya zaidi.

Desturi nzuri ni kupata wati kwa hesabu, kisha kuchagua rezista yenye uwezo wa angalau mara mbili yake. Wati 0.224 kwenye rezista ya robo wati inaonekana inatosha kwenye karatasi. Mimi ningeweka ya nusu wati bila kusita. Au afadhali, ningejiuliza kama ninahitaji miliampea 20. Kwa taa ya kuonyesha tu kwamba chaji inaingia, miliampea 10 zinatosha kabisa, hata 5. Kwa 10, hesabu inatoa omu 1120, unachukua 1200, na joto linashuka hadi wati 0.105. Robo wati inakaa hapo kwa raha. Kwa taa ya stoo yenye omu 270, wati 0.085 ni theluthi moja tu ya robo wati, haina shida.

Wati nazo zinapigwa kwa volti za juu kabisa, kwa sababu joto hukua haraka kuliko volti. Rudi kwa fundi wa omu 120. Kwa hesabu yake rezista ilitakiwa kutoa 2.4 mara 0.02, yaani wati 0.048. Mchana volti zake zimekuwa mara mbili na mkondo mara mbili, hivyo joto limekuwa mara nne, karibu wati 0.19. Alichodhani kina nafasi kubwa kiko karibu na ukingo.

Kabla ya kulehemu, pima rezista kwa mita. Omu 270 ina mistari ya nyekundu, zambarau na kahawia, kisha dhahabu. Ukiona nyekundu, zambarau na nyekundu, hiyo ni 2700, na taa haitawaka vya kutosha. Kosa baya ni la upande mwingine: nyekundu, zambarau na nyeusi ni 27 tu. Kahawia na nyeusi kwenye rezista kuukuu, chini ya balbu hafifu ya kibanda, ni vigumu kuzitofautisha, na LED haitakupa nafasi ya pili.

Baada ya kulehemu kuna kipimo kimoja kinachokuambia karibu kila kitu, tena bila kukata waya yoyote. Weka mita upande wa volti, gusa ncha mbili za rezista, soma. Gawanya namba hiyo kwa omu za rezista na umepata mkondo. Kwenye taa yetu, ukisoma 4.8, mkondo ni miliampea 18. Ukisoma karibu 8, kuna LED imepata shoti ndani na zilizobaki zinateseka. Ukisoma sifuri, mnyororo umekatika mahali, au LED moja imegeuzwa miguu. Kipimo hiki kifanye mchana, paneli ikiwa kwenye jua. Kipimo cha jioni hakikuambii kitakachotokea saa sita.

Kuna njia ya mkato inayoonekana kila mahali: LED kumi zimeungwa sambamba, zote zikitegemea rezista moja. LED hazifanani hata zikitoka mfuko mmoja. Moja inataka volti 3.1, nyingine 3.3. Zikilazimishwa kwenye volti zilezile, ile inayotaka kidogo hunyakua mkondo mkubwa, hupata moto, volti zake hushuka zaidi, na huzidi kunyakua. Ikifa, sehemu yake inagawanywa kwa zilizobaki, na inayofuata inaanza safari hiyohiyo. Ukitaka LED tisa, unga minyororo mitatu ya tatu-tatu, kila mnyororo na rezista yake ya 270. Rezista mbili za ziada hazigharimu kitu mbele ya LED unazoziokoa.

Njia hii yote ina mpaka, na mpaka wenyewe ni joto. Chukua LED nyeupe za wati moja, zile za kulehemu juu ya bamba la alumini, zinazotaka miliampea 350. Tatu kwa mfululizo kwenye volti 14.4 zinaiachia rezista 4.8 zilezile, na hesabu inatoa omu 13.7, unachukua 15. Mkondo ni miliampea 320, na joto la rezista ni zaidi ya wati 1.5. Utahitaji ile ya saruji ya wati 5, ikae mbali na plastiki, na usiku betri ikiwa kwenye 12 mkondo utashuka hadi 160 na taa itapoteza karibu nusu ya mwanga wake. Kwa LED za namna hiyo, nunua kidhibiti cha mkondo, kisanduku kidogo kinachopimwa kwa miliampea badala ya volti. Chagua kilichoandikwa 300 au 350, ambacho volti zake za kuingia zinafika angalau 15, na uhakikishe kwenye maelezo yake kwamba kinafanya kazi hata pale betri inapokuwa imebakiza volti mbili tu juu ya zile ambazo LED zinataka. Vingi vya bei ndogo haviwezi. Kama hukipati cha namna hiyo, punguza LED ziwe mbili.